Kuorodhesha majina ya ramani iliyopigwa picha: Masisi na Walikale

Kwa kazi yangu ya majina ya mahali nilitumiwa kwa simu picha ya ramani ya karatasi, ya wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini. Nilitaka kuwapelekea wazee wa Kihunde na Kinyanga orodha ya majina, wayatamke nami niwarekodi. Kazi ilionekana ya nusu saa. Katika orodha ya kwanza niliandika Nyabiondo mahali ambapo ramani haikuandika Nyabiondo.

Ilikuwa hivi. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umekula herufi za katikati, na mwanga wa simu ulikuwa umefuta za mwisho. Yaliyosomeka ni «Nya» tu. Nilihesabu nafasi, nikaona zinaenea herufi tisa, nikaridhika. Mzee mmoja alipousikia msomo wangu aliuliza, «Mwanangu, hiyo Nyabiondo umeikuta wapi?» Tulipoitafuta ramani yenyewe, jina lilikuwa Nyamitaba. Nalo lina herufi tisa, nalo liko Masisi, lakini ni mahali pengine kabisa. Kama mzee angenyamaza, rekodi yake ingewekwa chini ya jina lisilo lake.

Tangu hapo naandika kile jicho linachoona, basi. Herufi zisizosomeka huwekewa nukta tatu ndani ya mabano ya mraba, hata pale ninapodhani nalijua jina. Sihesabu nukta kwa kadiri ya herufi zilizopotea, kwa sababu hesabu hiyo nayo ni dhana. Tahajia pia siigusi. Ramani zetu nyingi zimeandikwa kwa desturi ya Kifaransa: Ndjingala, Kitshanga. Anayesahihisha na kuandika Njingala na Kichanga huenda akawa karibu zaidi na matamshi, lakini hatujui tena ramani ilisema nini.

Kisha kuna majina yanayojirudia, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa tukizoea orodha tunafuta marudio. Mweso ni mji na ni mto. Kwenye picha yangu la mto lilikuwa la buluu na herufi zilizolala, la mji jeusi na lililosimama. Masisi nalo limeandikwa mara mbili: kwa herufi kubwa zilizoachana sana, ambalo ni jina la wilaya nzima, na kwa herufi ndogo kando ya kitone, ambalo ni la mji. Walikale vilevile. Kila andiko linapata mstari wake, na sura ya herufi inatajwa kando. Sehemu ya orodha inasomeka hivi:

```
MAJINA
Hombo
Masisi
MASISI (herufi zimeachana)
Mweso
Mweso (buluu, zimelala)
Ndjingala
Nya[...] (mkunjo)
Pinga
BARABARA
RN3
UFUNGUO
Chef-lieu de territoire
Piste
Cours d'eau
```

Mitaa haimo: kwenye karatasi ya wilaya mbili nzima, barabara huandikwa kwa namba. RN3, ile itokayo Bukavu kupitia Hombo na Walikale hadi Kisangani, ndiyo niliyoweza kuisoma. Ufunguo wa ramani nao unakaa peke yake, kwa maneno yake mwenyewe. Alama kuwapo kwenye ufunguo hakuthibitishi kwamba kitu hicho kimo katika sehemu iliyopigwa picha.

Nimepanga kwa alfabeti kwa makusudi. Ukifuata macho yako kutoka juu kwenda chini, msomaji atadhani majina jirani kwenye orodha ni majirani ardhini. Picha yangu ilipigwa ubavu. «Juu» yake haikuwa kaskazini. Isitoshe, mchora ramani huweka jina penye nafasi, kushoto au kulia kwa kitone, si lazima juu ya mahali penyewe. Jina la mto linaweza kuandikwa popote mto unapopita.

Pinga ndiyo iliyonishawishi zaidi. Mstari wa mpaka wa wilaya ulipita karibu sana na jina hilo, na sikuona kitone kiko upande gani. Najua kwamba Pinga iko Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, lakini hayo nayajua kwa njia nyingine, si kwa picha ile. Kwa hiyo orodha inasema «Pinga» tu. Neno «Walikale» nimeliandika kwenye daftari la pili, pamoja na alikolitoka.

Kabla ya kurudi kwa wazee nilimpa mwenzangu picha bila orodha, asome mwenyewe, nikaigeuza picha pande zote nne. Tulitofautiana kwa majina mawili. Yote mawili sasa yana mabano.