Deni la Mtu Mnayefahamiana: Kulidai, Kuliandika na Kulifunga

Deni la jirani au la mfanyakazi mwenzako mara chache huwa deni moja. Huanza na laki mbili za dharura, ikafuata hamsini ya haraka, kisha mchele wa kilo tano wa "andika tu, nitalipa mwisho wa mwezi". Katikati anarudisha kidogo, halafu anaomba tena. Mwaka ukipita, hakuna kati yenu anayejua kwa hakika ni kiasi gani kimebaki. Ugomvi mwingi wa madeni niliousikia ulianzia hapo. Mdai ana hesabu yake kichwani, mdaiwa ana yake, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetaka kudai ni kukaa na karatasi kabla ya kumpigia mtu simu.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vipodozi jijini Tanga na dereva wa bajaji anayeegesha kwenye kijiwe cha jirani. Wamezoeana. Mwezi Februari dada alimtumia 400,000 kwa simu, injini ilipokufa. Aprili akampa 250,000 taslimu kwa ajili ya msiba. Juni akatuma 600,000 za bima na matengenezo mengine. Juu ya hapo kuna sabuni na mafuta ya nywele ambayo mke wa dereva amekuwa akichukua kwa mkopo, jumla 90,000. Hiyo ni 1,340,000. Dereva naye alirudisha 100,000 kwa simu mwezi Julai, na 60,000 mkononi mwezi Agosti.

Alizotuma kwa simu zina ushahidi. Ujumbe wa muamala upo, na ukifutika, kampuni ya simu hutoa taarifa ya miamala kwa mwenye laini. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hii zipokelewe mahakamani kama ushahidi. Tatizo ni zile 250,000 za msiba, zilizotoka mkononi kwenda mkononi bila karatasi. Dada asiziache nje ya hesabu kwa kuona haya, wala asiziongeze ili kufidia kero aliyoipata. Aziandike zilivyo, na pembeni aweke alama kwamba hizi zinahitaji kukubaliwa na mwenzake.

Kisha ndipo adai. Watu wengi hudai kwa mafumbo: "Kaka, hali yangu si nzuri", au "Naomba unikumbuke". Maneno hayo humpa mdaiwa nafasi ya kujibu "tuombeane" na mambo kuishia hapo. Wengine huruka upande wa pili, wakaenda kudai kijiweni mbele za watu, na kuanzia siku hiyo mtu hapigani tena na deni, anapigania heshima yake. Ujumbe unaofaa ni mfupi, unataja kiasi, na unaomba kikao:

"Habari za kazi kaka. Nimepiga hesabu ya fedha tulizokopeshana tangu Februari, naona zimebaki 1,180,000. Naomba tukae Jumapili saa kumi pale kwangu, uje na kumbukumbu zako tulinganishe, halafu tupange namna ya kulipa kidogo kidogo. Nimeamua pia tusiongeze mkopo mwingine mpaka hili liishe."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ina uzito kuliko zote. Ukidai huku bado unakopesha, hujafunga kitu. Anakulipa 20,000 Jumamosi, Jumatano mke wake anachukua bidhaa za 15,000, na baada ya miezi mitatu mmerudi kwenye ukungu uleule. Mlango wa mkopo ufungwe siku ileile deni linapohesabiwa, na bidhaa za dukani ziwemo.

Jumapili imefika. Mdaiwa akija na daftari lake au na simu yake, msikilize kwanza. Katika mfano wetu dereva anazikubali zile 250,000 za msiba, ila analeta jambo ambalo dada hakulifikiria. Mara kadhaa amembebea mizigo kutoka stendi bila kudai nauli, na kwa hesabu yake ni 80,000. Dada anaona nyingine zilikuwa hisani tu ya ujirani. Wanavutana, wanakubaliana 40,000. Hapo usibane sana. Hizo 40,000 zinanunua kitu kikubwa: mdaiwa anatoka akiamini kwamba hesabu ni ya haki, na anayeamini hivyo hulipa hata siku ambayo hana moyo wa kulipa. Salio sasa ni 1,140,000, na wote wawili wanalitaja kwa mdomo mmoja.

Linalofuata ni ratiba, na hapa wadai wengi hukosea kwa kuanza na shida yao wenyewe. Dada anataka fedha zote ndani ya miezi mitatu kwa kuwa ana mzigo wa kuagiza. Hiyo ingekuwa kama 95,000 kwa wiki. Dereva, kwa woga au kwa aibu, anaweza kuitikia "sawa", na wiki ya pili tu akazima simu. Ratiba ya haki huanzia kwenye mfuko wa anayelipa. Huyu dereva bajaji si yake. Akishatoa hesabu ya tajiri na mafuta, hubaki na kama 18,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani 108,000. Chakula cha nyumbani ni 70,000 kwa wiki, kodi ya chumba inakula 10,000. Zinabaki 28,000, na hapo hakuna mgonjwa wala pancha.

Wakapanga 20,000 kila Jumamosi, si 28,000. Zile 8,000 zinazobaki ndizo zitakazoilinda ratiba isivunjike mara ya kwanza mtoto akipata homa. Jumamosi ni kwa sababu kipato chake ni cha kila siku, na fedha ikikaa nyumbani mpaka mwisho wa mwezi itakuwa imeshapata kazi nyingine. Kwa mwenye mshahara, tarehe ingefuata siku ya mshahara. Dereva pia ana kikoba kinachovunjwa Desemba, na ameahidi 300,000 kutoka kwenye mgao wake. Zinabaki 840,000, yaani Jumamosi 42. Jumamosi nne za kwanza za Januari wakaziruka, kwa sababu ya sare na madaftari ya shule. Wakianza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, deni linaisha katikati ya Julai.

Ni muda mrefu, najua. Lakini fedha inayokuja polepole kwa mwaka mzima ni bora kuliko ahadi ya miezi mitatu isiyotimia.

Sasa waandike. Wapo wanaoudhika wakiombwa kuweka saini: "Unaniandikisha kana kwamba hunijui?" Kwa Mwislamu jibu liko karibu. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, inaagiza deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi. Aya mbili kabla yake inaagiza mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka afunguke. Karatasi na huruma vimewekwa karibu karibu. Kwa yeyote yule, dini yoyote, kuna sababu nyingine ambayo tumeishuhudia misibani, pale msemaji wa familia anaposimama na kutangaza kwamba aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, ajitokeze. Bila maandishi, mjane wa dereva angejuaje kama zimebaki laki tatu au milioni?

Hati yenyewe haihitaji lugha ya kisheria. Iwe na majina kamili ya wote wawili, namba za vitambulisho na za simu, na tarehe. Iorodheshe mikopo na marejesho mmojammoja, kisha iseme wazi: "Mimi nakiri kwamba hadi leo nadaiwa shilingi 1,140,000 (milioni moja na laki moja na elfu arobaini), na hesabu hii inafunga hesabu zote za nyuma kati yetu." Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri huongezeka kirahisi. Ifuate ratiba, tarehe kwa tarehe, na safu ya saini kwa malipo ya mkononi. Kwa malipo ya simu, itajwe namba moja itakayopokea.

Kisha yale ya siku mbaya. Hawa wawili waliandika hivi: akikwama, atoe taarifa kabla ya Jumamosi, na rejesho hilo lisogee mwisho wa ratiba bila faini wala riba. Akikosa mara mbili mfululizo, wakae tena na mashahidi ndani ya siku 7. Akikosa mara tatu bila neno lolote, deni lote lililobaki liwe limeiva. Dada naye akajifunga: hatadai kabla ya siku, hatakwenda kijiweni, hatalitangaza deni kwa watu. Mimi hukataa kushuhudia hati yenye masharti ya upande mmoja tu, kwa kuwa aliyebanwa peke yake huisaini huku akitafuta pa kutokea. Wakaweka saini na shahidi mmoja kwa kila upande, nakala mbili. Mwenyekiti wa mtaa akigonga mhuri ni vizuri zaidi, ingawa makubaliano hayaanguki kwa kukosa mhuri huo. Asiyejua kuandika asomewe yote kwa sauti kabla ya kuweka dole gumba.

Karatasi hiyo ina nguvu ambayo wengi hawaijui. Kwa Tanzania, madai ya mkataba kama huu yana ukomo wa miaka 6, na Kenya ni hivyohivyo. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na saini kabla ya muda huo kwisha, miaka huanza kuhesabiwa upya. Ratiba ikivunjika kabisa, hati hiyohiyo ndiyo ya kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi husikilizwa kwa Kiswahili.

Polisi si mahali pake, labda kama kulikuwa na udanganyifu tangu mwanzo. Kushindwa kulipa ni madai, si jinai. Na usishike mali ya mtu kwa nguvu. Ile bajaji ni ya tajiri, ukiizuia umejitengenezea kesi wewe. Wapo pia wanaochukua kadi ya benki ya mdaiwa pamoja na namba ya siri ili wajilipe wenyewe. Huo ni mtego kwa wote wawili, kwa maana siku fedha ikipungua kwenye akaunti, aliyeshika kadi ndiye atakayeulizwa.

Rejesho la mwisho likiingia, msichane karatasi. Andikeni juu ya nakala zote mbili "Deni limelipwa lote", tarehe, saini za wote na za mashahidi walewale, na kila mmoja abaki na yake.