Kopo la maziwa ya chai linaisha kwa siku ngapi?

Mwaka jana nilikuwa na mgonjwa wa kisukari, mama wa miaka 58, ambaye alinichanganya kichwa kwa miezi kadhaa. Dawa alikuwa anameza bila kuruka. Daftari lake la vipimo lilikuwa safi kuliko ya wagonjwa wengi: tarehe, saa, namba. Lakini kila asubuhi kabla ya kula, sukari ilikuwa 10, mara 11, siku nyingine 12. Kipimo cha wastani wa miezi 3 kilisoma asilimia 9.4, wakati lengo letu lilikuwa 7.

“Daktari, sukari nimeacha kabisa,” aliniambia. “Hata bakuli lake nimeliondoa mezani.”

Nilimwamini, na alikuwa anasema kweli. Nilishachukua kalamu nimwongezee dawa, ndipo nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza mapema zaidi: chai anakunywa na nini?

“Na maziwa tu.”

“Maziwa gani, mama?”

“Ya kopo, yale mazito.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo sukari ilipokuwa imejificha. Maziwa mazito ya kopo hutengenezwa kwa kuchemsha maziwa mpaka sehemu kubwa ya maji itoke, kisha kutiwa sukari nyingi sana. Sukari hiyo haiwekwi kwa ajili ya utamu peke yake, bali pia huzuia bakteria wasiongezeke. Ndiyo maana ukishafungua kopo halichachi haraka kama maziwa mabichi. Katika kila gramu 100 za maziwa hayo, gramu 55 hivi ni sukari. Karibu moja ya tano ya hiyo ni sukari ya asili ya maziwa, na iliyobaki yote imeongezwa kiwandani. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya kilichomo kwenye kopo ni sukari.

Nilipomuuliza anatia vijiko vingapi, alisema “kidogo tu”. Wagonjwa wangu wengi hujibu hivyo, na si kwa kudanganya. Maziwa haya hayapimwi, humiminwa. Anayepima kwa kijiko naye hukijaza, kisha kingine hushuka chenyewe kutoka kwenye tundu la kopo. Kwa hiyo siku hizi sihesabu vijiko. Nauliza: kopo linaisha kwa siku ngapi, na mnakunywa wangapi?

La kwake liliisha kwa siku 5, akinywa peke yake, kwa kuwa wajukuu hupenda chai ya rangi. Tukapiga hesabu pamoja. Kopo la gramu 390 lina sukari gramu 215 hivi. Gawanya kwa siku 5, unapata gramu 43 kwa siku. Kijiko kidogo cha chai hubeba gramu 4 za sukari, kwa hiyo mama huyu aliyeacha sukari alikuwa anakunywa vijiko karibu 11 kila siku. Ukiondoa ile sukari ya asili ya maziwa, bado vinabaki zaidi ya vijiko 8. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani takribani vijiko 6 kwa mtu mzima. Alikuwa amevuka kiwango hicho cha chini kwa chai peke yake. Mafuta nayo yalikuwamo, gramu 6 hivi kwa siku, na jumla ya nishati ilikaribia kalori 250.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe nimehamisha bakuli tu.”

Aliporudi baada ya wiki 4, alikuwa ameacha kopo na kununua krima ya unga. Sukari ya asubuhi ilishuka kidogo tu. Alinionyesha pakiti akiwa na furaha, kwa sababu mstari wa sukari ulionyesha namba ndogo. Hapa hata wasomi hunaswa. Krima nyingi za unga si maziwa yaliyokaushwa. Viungo vikuu huwa sirapu ya glukosi iliyokaushwa na mafuta ya mimea yaliyogandishwa, mara nyingi ya kokwa za michikichi au ya nazi, pamoja na protini kidogo ya maziwa. Sirapu hiyo ina minyororo ya glukosi ambayo kisheria inaweza isihesabiwe kwenye mstari wa sukari, ikaandikwa kwenye mstari wa wanga. Tumboni minyororo hiyo hukatika haraka na kuingia kwenye damu kama glukosi. Kwa hiyo mwenye kisukari asome mstari wa wanga, tena kwenye safu ya gramu 100. Safu ya kipimo kimoja mara nyingi huhesabu gramu 3 tu, na hakuna ninayemjua anayetia gramu 3.

Yeye alikuwa anatia karibu gramu 10 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku. Hiyo ni wanga gramu 23 hivi na mafuta gramu 13, na mengi ya mafuta hayo ni yale yanayopandisha lehemu mbaya mwilini. Pakiti ndogo zenye kahawa, krima na sukari pamoja zina tatizo hilohilo, isipokuwa sukari imeshatiwa na huwezi kuipunguza.

Tukakubaliana atumie maziwa ya ng'ombe ya kawaida yaliyochemshwa, robo kikombe kwenye chai, pamoja na tangawizi na iliki. Maziwa hayo yana sukari yake ya asili, lakini kwa kiasi hicho haifiki gramu 3. Wiki mbili za kwanza alilalamika kwamba chai imekuwa maji. Wiki ya tatu hakulalamika tena.

Jambo moja sikulikazia vya kutosha. Siku moja saa 5 asubuhi alianza kutetemeka na kutokwa jasho. Alipopima, sukari ilikuwa 3.4. Alikuwa anameza glibenklamaidi, dawa inayosukuma kongosho kutoa insulini, na dozi ile ilipangwa wakati damu yake ikipokea sukari ya kopo kila siku. Nikaipunguza. Ukiwa unatumia dawa ya aina hiyo au sindano za insulini, mwambie daktari wako kabla ya kuacha maziwa ya kopo, na upime mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Kwa wazazi nina neno moja lisilo na mjadala. Maziwa mazito ya kopo na krima si chakula cha mtoto mchanga, hata yakizimuliwa kwa maji. Kuzimua hupunguza protini na virutubisho ambavyo vilikuwa havitoshi tangu mwanzo, huku sukari ikibaki ndiyo sehemu kubwa ya anachokunywa. Mtoto anaweza kuonekana mnene huku amedumaa. Ikiwa umekuwa ukimpa kwa sababu maziwa yako hayatoki vizuri, nenda naye kliniki wiki hii. Hatutakugombeza. Kuna mengi ya kujaribu kuhusu unyonyeshaji kabla ya kufikiria kopo.

Yule mama alipima tena mwezi wa tatu. Wastani ulikuwa asilimia 7.6. Krima iliyobaki alisema amemgawia jirani, nami nikamuuliza kama jirani huyo amewahi kupima sukari.