Nairobi: Kodi kubwa si lazima ilete mapato makubwa

Anayenunua nyumba ya kwanza ya kupangisha jijini Nairobi aghalabu huangalia kiwango cha kodi. Hata hivyo, mapato ya mwaka huamuliwa pia na miezi ambayo nyumba hukaa bila mpangaji.

Kahawa Wendani, kando ya Barabara ya Thika, hutegemea sana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wakati wa likizo ndefu, baadhi ya vyumba hubaki vitupu. Syokimau, kusini-mashariki mwa jiji, ina kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2012, na haiko mbali na uwanja wa ndege wala viwanda vya Barabara ya Mombasa. Mfanyakazi ambaye watoto wake wanasoma karibu hahami ovyo.

Tuchukulie nyumba mbili za bei moja. Ya Wendani hutoza shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini hukaa tupu miezi mitatu: mapato ni 180,000 kwa mwaka. Ya Syokimau hutoza 17,000 mwaka mzima na kuleta 204,000.

Kabla ya kununua, mtaa hutembelewa saa mbili usiku, madirisha yasiyo na taa yakahesabiwa. Mlinzi huulizwa nyumba iliyohamwa mwisho ilikaa tupu kwa muda gani.

Mnunuzi kutoka nchi jirani akumbuke kuwa Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.