Akikumulikia taa njia ya Eldoret, anakwambia nini?

Malori yanayotoka bandarini kwetu Mombasa kwenda Malaba hupita Eldoret, kwa hivyo jambo hili si la watu wa bara peke yao. Kipande kinachonitia wasiwasi mimi ni kile cha Timboroa hadi Burnt Forest: vilima, ukungu na misururu ya malori. Huko taa humulikwa kila dakika, na kila dereva ana tafsiri yake.

Tuseme uko nyuma ya lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Unatoka kulipita kwa 80, na gari linalokuja mbele linakumulikia mara mbili. Huenda anasema, "Pita, nimekuona." Huenda anasema, "Rudi, mimi sipunguzi!" Au fuli yako inamuumiza macho, au kuna trafiki mbele. Taa ni ile ile.

Sasa piga hesabu. Kulimaliza lori, pamoja na nafasi ya nyuma na ya mbele yake, unahitaji kulizidi kwa mita 55 hivi. Kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa, hizo ni sekunde 10. Naye akija kwa 80, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde, na mita 400 zilizo kati yenu huisha kwa sekunde 9. Kwa hivyo ukiwa nje ya upande wako, mimi nasema ichukue taa hiyo kuwa ni katazo, urudi nyuma ya lori. Ukiwa upande wako usiku, shusha taa kwanza. Akiendelea kumulika, punguza mwendo, pengine kuna ng'ombe au ajali.

Mwongozo wa barabara wa Uingereza, nchi tuliyorithi kwake sheria nyingi za barabarani, unaipa taa hiyo maana moja tu: nipo hapa. Haimpi mtu ruhusa ya kupita. Aliyekumulikia hatakubebea kesi ukigonga.

Na kuonyana kuhusu trafiki je? Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinafanya kumzuia polisi kazini kwa makusudi kuwa kosa. Mahakama za Uingereza ziligawanyika kulingana na ushahidi. Katika kesi ya Bastable na Little, 1907, aliyewaonya madereva aliachiliwa kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba walikuwa wakivunja sheria. Katika Betts na Stevens, 1910, magari yalikuwa tayari yamezidisha mwendo, na aliyeonya akapatikana na hatia. Hakimu wa Eldoret hafungwi na maamuzi hayo, ila wakili anaweza kuyataja. Kumuonya mwenzako kuhusu ng'ombe, kwa upande wake, hakumzuii polisi yeyote kazi yake.