Maneno ya Kumwambia Aliyefeli (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulitazama methali zinazomuumiza mtoto siku ya matokeo, "majuto ni mjukuu" ikiwa ya kwanza. Leo tuje kwa zile zinazomfaa aliyefeli kidato cha nne, anayejiuliza kama arisiti au aachane na mtihani.

Siku mbili tatu za mwanzo, "kuteleza si kuanguka" inatosha. Mwacheni alie, ale, alale. Msimtajie usajili wala jirani aliyepata daraja la kwanza.

Akitulia, mwambieni: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Lakini mganga hutazama kwanza ugonjwa ulipo, kwa hiyo faraja hii haina maana bila kukaa naye na matokeo yake, somo kwa somo. Tuseme binti ana C ya Kiswahili na ya Historia. D za Jiografia, Kiingereza na Uraia. F za Hisabati na Biolojia. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, A ni pointi 1 na F ni 5, hivyo masomo yake saba yanampa pointi 28, yaani daraja la nne. Mtaani wataita hiyo kufeli, naye ataamini kwamba kila kitu kimeharibika. Lakini sifa ya msingi ya kidato cha tano ni C tatu au zaidi katika masomo yasiyo ya dini, na yeye anazo mbili. Akitaka Historia, Jiografia na Kiswahili, kinachomkwamisha ni Jiografia peke yake. Hapo ndipo "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" inapokuwa kweli tupu: kilichovunjika kinajulikana, na kinaweza kutengenezwa.

Basi arisiti Jiografia, pengine na Kiingereza, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nawaomba wazazi wasimlazimishe kurudia yote saba. C alizonazo ni zake, na mwaka mzima wa kuhangaika na Hisabati utakula muda wa Jiografia. Anayerudia Kemia au Fizikia naye aulize mapema kama kituo chake kina maabara ya mtihani wa vitendo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame" nayo isemwe, ila baada ya mtoto kuamua mwenyewe, na nyumbani pawepo saa za kusoma zisizoingiliwa na kazi. Vinginevyo inakuwa lawama tu.

Na asipotaka kurisiti? Binti huyu ana ufaulu wa masomo matano, na kozi nyingi za cheti vyuoni huanzia masomo manne. Huko nako ni kusoma. Mzazi, kabla hujatamka methali yoyote, chukua karatasi, mwandike masomo yote pamoja na alama zake, kisha muulize anataka kwenda wapi. Matokeo hutoka Januari na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mapema mwaka huohuo, kwa hiyo mazungumzo hayo yasisubiri Pasaka.