Mshahara Unakaa Upande Gani?

Mwanafunzi wa menejimenti akipewa insha ya kulinganisha Maslow na Herzberg, mara nyingi huanza kwa kuchora jedwali. Upande mmoja anapanga ngazi tano za mahitaji, upande wa pili makundi mawili ya Herzberg, kisha anaunganisha: ngazi za chini zinaingia kundi hili, za juu kundi lile. Kufaulu atafaulu. Ila jedwali hilo linaficha jambo ambalo mabwana hao wawili hawakuelewana: je, mshahara unamfanya mtu apende kazi yake, au unamzuia tu asilalamike?

Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha nadharia yake mwaka 1943. Alisema binadamu husukumwa kwanza na mahitaji ya mwili, kisha usalama, kisha upendo na kuwa sehemu ya kundi, kisha heshima, na mwisho hamu ya kutimiza vipaji vyake. Hitaji likishatoshelezwa, linaacha kumsukuma. Piramidi maarufu, kwa taarifa tu, haimo katika makala yake. Ilichorwa na wengine baadaye. Wala Maslow hakusema kwamba ngazi moja lazima ijae kabisa ndipo inayofuata ianze. Alitoa mfano wa mtu wa kawaida aliyetosheka kwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, na 10 tu katika ngazi ya juu kabisa, akakiri kuwa tarakimu hizo amezibuni ili aeleweke.

Kwa mtazamo huo, pesa inategemea mtu amesimama wapi. Kibarua ambaye hajui watoto watakula nini kesho atachapa kazi kwa ajili ya ujira, na hakuna cha kushangaza hapo.

Frederick Herzberg alianzia kwingine. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Kila mmoja aliombwa asimulie wakati alioifurahia mno kazi yake, na wakati aliochukizwa nayo mno. Masimulizi ya furaha yalijaa mafanikio, kutambuliwa, majukumu na kazi yenyewe. Ya karaha yalijaa sera za kampuni, usimamizi mbovu na mazingira ya kazi. Herzberg akahitimisha kwamba kuridhika na kutoridhika si ncha mbili za kamba moja. Ukiondoa kero, unapata mtu asiye na kero, basi. Hujapata mtu mwenye ari. Kundi la kero aliliita mambo ya usafi, kama madaktari wanavyosema: maji safi hukinga maradhi, hayamponyi aliyekwisha kuugua. Mshahara akauweka humo.

Katika makala ya 1968 alieleza jaribio lililofanywa kwenye kampuni kubwa, miongoni mwa makarani waliojibu barua za wanahisa. Hapo awali msimamizi ndiye aliyetia saini barua zote, na kila barua ilikaguliwa. Kundi moja likabadilishiwa utaratibu hatua kwa hatua: makarani wakasaini kwa majina yao, ukaguzi wa kazi za wazoefu ukashuka kutoka asilimia 100 hadi 10, barua zikaenda moja kwa moja chumba cha posta bila kupitia meza ya msimamizi, na wengine wakateuliwa kuwa wataalamu wa mada fulani, wa kuulizwa na wenzao. Nyongeza ya mshahara haikuwa sehemu ya mabadiliko hayo. Herzberg aliwatahadharisha mameneja kwamba majuma ya mwanzo ufanisi unaweza kushuka, na meneja mwenye haraka angeweza kurudisha mambo ya zamani hapo hapo. Baada ya miezi sita kundi hilo lilikuwa limewapita wenzao, na lilisema linaipenda kazi zaidi.

Maslow angeweza kulieleza jaribio hilo bila taabu: makarani wale walikuwa na mishahara ya uhakika, kwa hiyo kilichobaki kuwasukuma ni heshima. Na hapa ndipo insha nyingi zinapokosa kuuliza swali la msingi, yaani nani aliyehojiwa. Wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh hawakuwa watu wa kuhangaikia mlo wa jioni.

Wapo pia wakosoaji, Victor Vroom mmojawao, waliosema njia yenyewe ya kuhoji ilizaa jibu: mambo yakienda vizuri mtu hujisifu, yakiharibika humlaumu bosi. Halafu kuna takwimu za Herzberg mwenyewe. Mshahara ulitajwa katika masimulizi ya furaha karibu sawa na ya karaha. Aliuweka upande wa usafi kwa sababu manung'uniko yake yalidumu zaidi, na kwa sababu katika masimulizi ya furaha nyongeza ilikuja sambamba na kutambuliwa. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ulitokana na tafsiri yake. Hesabu peke yake haikumlazimisha.

Meneja mwenye wafanyakazi ambao hawajalipwa miezi miwili, akiwapa cheti cha mfanyakazi bora, atachekwa, na nadharia zote mbili zinatabiri kicheko hicho. Zinaachana pale malimbikizo yakishalipwa: Herzberg angemwambia aangalie kazi yenyewe, nani anasaini na nani anakagua, ilhali Maslow angemuuliza kwanza kama mshahara huo, ulipofika, ulitosha kodi ya nyumba.