Dirisha Dogo Kuliko Yote

Kipande kifupi zaidi cha neno MATARUMBETA chenye herufi T, A na B hutafutwa kwa dirisha la kingo mbili, huku idadi ya kila herufi iliyomo ikihesabiwa. Ukingo wa kulia husogea hadi B. Herufi zote zimetimia. Wa kushoto huacha M na A, kwani A nyingine imebaki: TARUMB, herufi 6. T ikiachwa, wa kulia huifuata T ya pili. ARUMBET ina 7, ni ndefu zaidi. A ikiachwa, wa kulia hufika mwisho, na wa kushoto husogea hadi ibaki BETA, herufi 4.

Kila herufi huingia mara moja na kutoka mara moja tu, hivyo hatua hazizidi 22. Zikitakiwa A mbili, kuangalia tu kama A imo hupotosha. Idadi ndiyo huamua.